Kwanini plagi ya pasi inaungua ukiwa unachomoa kwa kuvuta waya

*Fundi habari za kazi. Mwaka huu nimeshabadilisha plagi ya pasi mara tatu, inaanza kunuka, inageuka rangi alafu inakufa. Mama mkwe amekuja kukaa kwetu, kaniona nachomoa kwa kuvuta waya akasema ndo sababu. Mimi naona waya ni waya, kazi yake kupitisha umeme, nikiuvuta kidogo kuna nini? Na soketi yenyewe iko nyuma ya kabati, mkono haufiki vizuri. Ni kweli au ni maneno ya wazee tu? Na kama kweli nichomoeje?*

Nzuri dada yangu, karibu. Mama mkwe yuko sahihi, mpe chai. Ila nadhani hata yeye ukimuuliza kinachoharibika ni nini atakwambia waya unakatika, na hapo ndo watu wengi wanapokosea, maana waya wa pasi kukatika katikati ni nadra sana. Mimi pasi ninazoletewa tatizo liko sehemu mbili tu, ndani ya plagi au pale shingoni waya unapoingilia plagi au pasi. Katikati mita nzima iko salama kabisa kama ilivyotoka dukani.

Chukua kipande cha waya wa pasi ukimenye. Ndani utakuta nyaya tatu, wa kahawia ndo laivu, wa bluu nyutro, na wa kijani na njano ndo ethi. Kila mmoja ukiumenya tena unakuta sio shaba moja nene, ni vinywele vingi vyembamba vimesokotwa pamoja. Waya wa kawaida wa pasi, ule wa milimita 0.75 za mraba, una vinywele 24 na kila kimoja unene wake ni milimita 0.2, karibu na unene wa uzi wa kushonea. Wametengeneza hivo makusudi ili waya upinde huku na huku ukiwa unapiga pasi bila kukatika. Ungekuwa shaba moja nene kama wa ukutani ungekatika mwezi wa kwanza.

Sasa kinywele kimoja cha unene huo ukikifunga kitu cha kama gramu 700 kinakatika, yaani hata mfuko wa sukari wa kilo moja hakibebi. Vyote 24 vikishikana pamoja vinabeba kilo kama 16 au 17 hivi kabla ya kukatika, lakini shaba inaanza kunyooka na kubaki imenyooka mapema zaidi ya hapo, na shaba iliyonyooka inakuwa nyembamba na ngumu kuliko mwanzo. Umewahi kuona mafundi wa ujenzi wanavyokata ule waya wa kufungia nondo wasipokuwa na koleo? Wanaupinda huku, wanaupinda kule, mara kadhaa unakatika wenyewe, na ukigusa pale ulipokatikia unakuta pana joto. Hakuna aliyetumia nguvu, ni kupinda sehemu ileile moja mara nyingi. Hicho ndo kinachotokea kwenye shingo ya plagi kila ukivuta, kwa sababu upande mmoja waya ni laini upande mwingine umebanwa na plastiki ngumu, kwa hiyo kona yote inakaa kwenye kama sentimita moja. Leo kinakatika kinywele kimoja, wiki ijayo viwili, na pasi inaendelea kuwaka vizuri tu, hujui lolote.

Hiyo ni shingo. Ila kwa maelezo yako ya kunuka na kugeuka rangi mimi nahisi kwako tatizo liko ndani zaidi, kwenye skrubu, na hapa naomba twende taratibu kidogo.

Ukifungua plagi ya pini tatu, ile kubwa ya mraba inayoandikwa BS 1363, pale waya unapoingilia kuna kibano, ama kipande cha plastiki chenye skrubu mbili ama meno mawili ya plastiki yanayouma. Kibano hicho kazi yake ni moja, kushika gamba la nje la waya ili ukivutwa nguvu iishie pale na isifike kwenye skrubu za ndani. Zile skrubu za ndani hazikutengenezwa kubeba mvuto wowote, kazi yake ni kugandisha shaba ipitishe umeme basi. Sasa nenda kafungue plagi yoyote iliyofungwa mtaani uone. Mara nyingi fundi, au baba wa nyumba na kisu cha jikoni, amemenya gamba la nje refu mno, kwa hiyo kibano hakishiki gamba, kinashika vile vinyaya vitatu vya ndani ambavyo ni vyembamba na vinateleza, au hakishiki kitu kabisa. Wengine skrubu za kibano wanazitupa, wanasema zinasumbua. Wengine wanapiga fundo ndani, fundo ambalo linabana mpaka plagi haifungi vizuri.

Plagi ya namna hiyo ukivuta waya, mvuto wote unakwenda moja kwa moja kwenye skrubu. Na haugawanyiki sawa kwa nyaya tatu, hapana, unakwenda kwa ule ulio mfupi kuliko wenzake, wengine wanakuwa wamelegea wanaangalia. Mara nyingi mfupi ni ule wa kahawia kwa sababu unaishia pale kwenye fyuzi, karibu na mlango wa waya. Kwa hiyo ule mmoja unabeba kila kitu, na ncha ya skrubu ilishauma vinywele kadhaa siku ya kufungwa, kwa hiyo havikuwa 24 tangu mwanzo. Ukivuta, vilivyoumwa vinakatika kwanza, na vilivyobaki vinasogea kidogo chini ya skrubu. Skrubu ilikuwa imebana vinywele 24, sasa ina 15, nafasi imebaki, imelegea.

Kwa hiyo dada, kusema ukweli lawama mnagawana, nusu mkono wako nusu aliyekufungia plagi. Plagi iliyofungwa vizuri ingekuvumilia muda mrefu zaidi, na isiyofungwa vizuri ingekufa hata ungekuwa unachomoa kistaarabu, ila ingechukua muda. Viwili vikikutana ndo unapata plagi tatu kwa mwaka.

Sasa harufu inatoka wapi. Watu wanafikiri waya ukibaki mwembamba ndo unachemka, na ni kweli kidogo, vikibaki kinywele kimoja au viwili vinakuwa vya moto kweli. Lakini kama vimebaki kumi na vimebanwa vizuri, pasi ya kawaida haivisumbui. Kinachounguza hasa ni kulegea. Shaba inagusa skrubu, haigusi, inagusa, na kila ikiachana inatoa kacheche kadogo, cheche inaacha masizi, masizi hayapitishi umeme vizuri, na kitu kisichopitisha umeme vizuri huku umeme unalazimishwa kupita kinatoa joto.

Ngoja nikupigie hesabu ya pasi ya wati 1000 kwa umeme wetu wa volti 230. Gawanya 1000 kwa 230 unapata ampea 4.3 hivi. Waya mzima wa mita 2 ukiwa mzima unapoteza kama wati 2 tu kwa joto, zimetawanyika mita 2 nzima, ukiushika husikii kitu. Sasa weka pale kwenye skrubu iliyolegea ukinzani wa omu 1 tu, kidogo sana hiyo. Joto ni ampea mara ampea mara omu, yaani 4.3 mara 4.3 mara 1, unapata wati 18. Wati 18 kwenye eneo la ukubwa wa punje ya mchele, ndani ya kiboksi cha plastiki kilichofungwa, kimebanwa ukutani. Ikifika omu 2 ni wati 35 hivi, na hizo ndo wati za pasi ya kulehemu ya fundi redio, ile inayoyeyusha risasi. Wakati plastiki ya waya wa kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70 tu. Na ikishaanza hairudi nyuma, joto linaongeza masizi, masizi yanaongeza joto, plastiki inalainika, skrubu inalegea zaidi.

Na hapa ndo pananiuma kila siku nikielezea watu. Fyuzi haikatiki! Sakiti breka haishuki! Utaniuliza kwani kazi yake si kulinda? Inalinda, ila inaangalia umeme mwingi kupita kiasi tu. Fyuzi yako imeandikwa 13, pasi inavuta 4.3, na pale palipolegea panazidi kuupunguza kidogo kwa hiyo ndo kwanza inavuta 4.2. Kwa macho ya fyuzi kila kitu kiko shwari kabisa, huku plagi inaoka. Kwa hiyo kengele pekee uliyonayo ni pua yako, macho yako na mkono wako. Harufu yenyewe wengi wanaifananisha na samaki au mkojo, mtu anazunguka jikoni anatafuta samaki aliyeoza kumbe ni plagi. Ukiisikia hiyo karibu na soketi usibishane nayo, zima.

Kuna jambo moja zito zaidi ya plagi kuungua. Ule wa kijani na njano, ethi, kwenye plagi unatakiwa uachwe mrefu kuliko wenzake wawili, ukae na kona ndani, kama sentimita moja ya ziada. Sababu ni kwamba siku waya ukivutwa mpaka ung'oke, laivu ing'oke kwanza, pasi izime, ujue imeharibika, na ethi iwe ya mwisho kuachia. Sasa fundi akikata zote sawa, ethi ndo inakuwa imenyooshwa kuliko zote kwa sababu pini yake iko mbali, juu kule. Ukivuta waya yeye ndo anabeba. Akikatika, pasi haizimi! Inawaka, inapiga nguo, unafurahi. Ethi haina kazi siku ya kawaida, kazi yake ni siku ile waya wa ndani ya pasi ukichubuka ukagusa chuma. Siku hiyo kama ethi ipo umeme unakimbilia ardhini, fyuzi inakatika, basi. Kama ethi ilishang'oka miezi sita iliyopita kwa kuvutwa, ile bati ya pasi inakaa na umeme kamili inasubiri mkono wa mtu. Na ukipigwa shoti ya pasi hutakumbuka ulivyokuwa unachomoa mwaka jana.

Alafu kuna upande wa soketi, nao watu hawaufikirii. Angalia plagi ya pini tatu, waya unatokea chini, hautokei nyuma katikati. Kwa hiyo ukivuta waya huivuti plagi itoke, unaivuta ishuke. Inakuwa kama unatumia mtaimbo, plagi inainama, pini ya juu inajinyanyua, mbili za chini zinapanua zile klipu za shaba ndani ya soketi. Ndo maana ukivuta waya inagoma, unaongeza nguvu, alafu inachomoka ghafla kwa kishindo. Kile kishindo ni klipu zimetanuka. Ukifanya hivo mwaka mzima soketi inalegea, plagi inaingia kama kwenye siagi, na soketi iliyolegea ni hesabu ileile ya wati 18, ila sasa iko ukutani na kubadilisha plagi hakutasaidia. Dada, kama plagi zako tatu zote zimeungua upande uleule wa pini, pini ikawa nyeusi au plastiki imeyeyuka pale pini inapotokea, basi mgonjwa ni soketi. Kama zimeungua ndani kwenye skrubu, mgonjwa ni ufungaji na mvuto. Zitafute hizo za zamani kama hujazitupa, zitakwambia.

(Wale wa plagi za pini mbili mnaochokonoa tundu la juu na kijiti cha kiberiti au bisibisi ili iingie, nawaona pia, leo sio zamu yenu ila soketi zenu zimeshalegea.)

Nikupe mfano mmoja. Kuna mama mmoja fundi cherehani aliniletea pasi, anasema inawaka ukiushika waya hivi ukiuacha inazima. Yeye anabana matumizi ya LUKU, anapasha pasi, anachomoa, anapiga nguo kwa joto lililobaki, anachomeka tena, kwa siku labda mara 30, na kila mara anachomoa kwa kuvuta waya bila kuzima swichi ya soketi, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha cherehani mkono haufiki ukutani. Kabla sijafungua nikapima na multimita, pasi haijachomekwa popote, kitufe cha joto kiko juu. Pasi ya wati 1000 ikiwa nzima kati ya pini ya laivu na ya nyutro unatakiwa usome kama omu 53, hiyo ni 230 mara 230 gawanya kwa 1000. Nikasoma 55, nikautingisha waya shingoni ikaruka 58, ikaruka 70, ikapotea kabisa, ikarudi. Kitu kimoja kinachoruka hivo ukitingisha waya huhitaji kuuliza zaidi. Nikapima ethi, kutoka pini ya juu mpaka kwenye bati ya pasi, inatakiwa isome chini ya omu 1. Haikusoma kitu.

Nikafungua. Kibano kilikuwa na skrubu moja, ya pili haipo, na gamba la nje limerudi nyuma kama kidole kizima nje ya plagi. Ethi imechomoka iko inaelea humo ndani. Huu wa laivu nikahesabu vinywele vilivyobaki chini ya skrubu, tisa. Vingine vimekatika vina ncha nyeusi, na plastiki ya kahawia imekuwa ngumu inavunjika kama ganda la yai kwa urefu wa sentimita mbili. Pini ya laivu kwa nje ina vidoa vyeusi kama imetobolewa na sindano, hizo ni cheche za kuchomoa pasi ikiwa inavuta umeme. Nikamuonyesha, nikamwambia mama, ethi hii imeng'oka sijui tangu lini na wewe kila siku unapiga pasi na kitambaa kibichi. Akanyamaza. Kesho yake akaniita nimwekee soketi pembeni ya meza yake.

Haya, kuchomoa. Kwanza zima swichi ya soketi. Hii watu wanaiona ya urembo lakini ndo inayokata umeme kwa namna iliyotengenezwa kukata, ndani ina springi inayoachanisha haraka. Ukichomoa ikiwa inawaka, pini zako ndo zinafanya kazi ya swichi, polepole, na cheche. Kama soketi yako haina swichi, rudisha kitufe cha joto cha pasi mpaka chini kabisa ukisikia imekata, ndo uchomoe.

Pili shika plagi yenyewe, kiwiliwili chake, dole gumba upande mmoja na vidole viwili upande wa pili, pale palipo na mabonde ya kushikia. Vidole visizunguke nyuma kufuata pini, hasa kama ni plagi ya zamani ambayo pini zake ni chuma tupu mpaka mwisho. Za siku hizi pini mbili za chini zimevalishwa plastiki nyeusi nusu kwa sababu hiyohiyo, watu walikuwa wanagusa. Mkono uwe mkavu. Alafu vuta kwa kunyoosha, moja kwa moja kutoka ukutani kuja kwako, sio chini sio pembeni. Ikiwa ngumu itingishe kidogo sana kushoto kulia huku unavuta, ila bado umeshika kiwiliwili. Mkono wa pili ushikilie fremu ya soketi au ekstensheni isije ikafuata, ekstensheni ndo kabisa, bila mkono wa pili unajikuta unaivuta kwa waya wake nayo ikaharibika shingo yake.

Plagi mpya au soketi mpya ikawa ngumu mno mpaka vidole vinateleza, usirudi kwenye waya. Kitambaa kikavu kwenye vidole kinatosha kuongeza mshiko, umeme ukiwa umezimwa. Kama hata hivo haitoki, plagi imeyeyukia humo ndani, zima swichi kubwa ya nyumba na umwite fundi.

Sasa kabati. Kwa kweli huwezi kuchomoa vizuri plagi usiyoifikia, nikikwambia shika kiwiliwili na mkono haufiki nitakuwa nakudanganya, wiki moja tu utarudi kwenye waya. Na nyuma ya kabati kuna shida nyingine, kabati likisukumwa linabana waya ukutani pale shingoni, unapindwa kona kali usiku na mchana hata kama hakuna anayeuvuta. Dawa yake ni kusogeza kabati, au fundi akutolee soketi pembeni ya kabati, kazi ya masaa mawili hivi kwa fundi mzuri. Ikishindikana kabisa tumia ekstensheni nzuri, yenye waya mnene na yenye swichi, chomeka kule nyuma ikae hukohuko moja kwa moja, ubao wake uufunge kwenye ukuta au ubavu wa kabati mahali mkono unafika ukiwa umesimama. Hapo pasi unaichomeka na kuichomoa mbele. Sharti lake ni moja, hiyo ekstensheni iwe ya pasi peke yake wakati unapiga pasi, usimpe na jagi la umeme na friji humohumo, na isiwe imeviringishwa kwenye rundo maana rundo linatunza joto.

Kabla ya kufunga plagi ya nne, fanya hivi. Waya wa pasi kata sentimita 10 mpaka 15 kutoka mwisho, usihurumie, kile kipande kimeshapikwa. Utajua umefika kwenye uzima ukimenya ukakuta shaba inang'aa kama kikombe kipya, kama bado ni nyeusi au ya kahawia kata tena. Gamba la nje menya kama sentimita 4, pima kwanza kwenye plagi yako maana zinatofautiana, cha muhimu ni kwamba kibano kikae juu ya gamba la nje, sio juu ya vinyaya. Laivu na nyutro kata zifike kwenye skrubu zake bila kunyooka kabisa, ethi iache ndefu. Ncha ya shaba ikunje mara mbili kabla ya kuingiza tunduni ili skrubu ipate kitu cha kubana, usiipake risasi, risasi ni laini, skrubu ikiikandamiza muda mrefu inatambaa na kulegea, unarudi kulekule. Kaza, alafu vuta kila waya mmoja mmoja kwa vidole, usisogee. Kaza kibano. Vuta waya wa nje taratibu huku unaangalia ndani, vile vinyaya visitikisike hata kidogo. Vikitikisika kibano hakijashika.

Siku ya kwanza piga pasi dakika 10, zima, chomoa, na ushike plagi kiganjani. Uvuguvugu kidogo sawa. Ikiwa ya moto mpaka unaiachia, usiendelee kuitumia, na kama ufungaji ulikuwa mzuri basi elekeza macho kwenye soketi. Rudia kupima hivo mara mojamoja, ni bure.

Na ukiona mahali mtu kakwambia aunge waya katikati kwa tepu nyeusi ili usikate kipande, kataa. Waya wa pasi unazungukazunguka siku nzima, ungio la tepu linakuwa shingo mpya isiyo na kibano. Plagi ya kiwandani ile iliyomiminwa pamoja na waya ukiikata, pinda au vunja pini zake kwanza ndo uitupe, usiiache kwenye droo, mtoto akiichomeka ile ncha ya waya iliyobaki ina umeme wazi.

Chaja za simu ni habari hiyohiyo kwa udogo. Vinywele vyake ni vyembamba zaidi na shingo yake ile ya raba ndo kibano, ukichomoa simu kwa kuvuta waya unavuta vitu ambavyo ni nywele kweli. Pale inapoanza kuchaji ukiilaza upande fulani tu, vinywele vimebaki vichache, na simu inaanza kuchaji taratibu kabla haijaacha kabisa kwa sababu umeme unapotelea njiani. Hiyo haiunganishwi, inabadilishwa. Shika kile kichwa kigumu ndo uchomoe, upande wa simu na upande wa chaja vilevile.

Wewe anza na zile plagi tatu za zamani kama zipo, zifungue uangalie ziliungulia wapi, kwenye skrubu au kwenye pini, uniambie.